Shajara ya mradi: zile senti 3 za TVA mu fakture yetu

Kazi moja, asubui

Fakture imerudi. Kwa wenye habajue huu mradi: ninaandika lojisieli ya fakture kwa kenkayeri moja ya hapa Lubumbashi, kiisha maduka ingine mbili wakaomba nabo baitumie, sasa kila kosa inaniamsha usiku. Kliyan mwenye alirudisha fakture ni sutretan mumoja anafanya kazi na mines, yeye anatuma boni ya komande, sisi tunatuma bintu na fakture, kiisha kontable wake analinganisha fakture na ile boni mbele ya kulipa. Leo ameandika mustari moja tu: "TVA yenu haiko sawa, sisi tuko na 10.43, mumeandika 10.40, murekebishe."

Senti tatu za dola. Papa mwenye duka akaniuliza, "Mwana, juu ya senti tatu banakatala kulipa dola 75?" Nikamwambia ndiyo Papa, juu ordinatere yao haina huruma, inaona namba mbili hazifanane inasimamisha malipo, na yule kontable hata akitaka kutusaidia hawezi kufinya buto ya kulipa.

Hii njo fakture yenyewe, bei zote ni HT, ni kusema bila TVA, na ni dola:

```
1  bulo (kesi)           14.53
2  rondele                3.28
3  bageti ya sudire      11.78
4  diske ya kukata       27.03
5  ganti                  6.40
6  pinso                  2.15
   Total HT              65.17
```

Kazi moja, mangaribi

Nilipoteza mchana nzima kwa kufuata njia ya uongo, ninaiandika hapa juu mwingine asiipite tena.

Kitu ya kwanza nilishuku ni zile namba za desimale. Kila mutu mwenye anaandika kode anajua ordinatere haiwezi kushika 0.1 sawasawa, na mu Python ukiandika `round(2.675, 2)` unapata 2.67, hapana 2.68 yenye ulikuwa unangojea. Nikasema basi, njo hapo. Nikabadilisha bei zote zikuwe senti nzima, namba bila koma, nikafanya hesabu upya. Ikatoka 10.40. Ileile.

Kiisha nikashuku namna ya kuarondi, juu kuko ile ya shuleni, nusu inapanda, na kuko ingine yenye nusu inaenda ku namba shufwa. Nikajaribu zote mbili. 10.40 tena, na hata total moja ya mustari haikusogea. Hapo njo nikashika kalamu na kartasi.

TVA yetu hapa Kongo ni 16%, tangu ilipoanza tarehe 1 mwezi wa kwanza 2012. Ukichukua bei yenye iko mu senti nzima, ukizidisha na 16 na kugawa na 100, ni sawa na kuzidisha na 4 na kugawa na 25. Na 25 haigawanyike na mbili. Kwa hiyo kipande cha senti chenye kinabaki kinaweza kuwa 0.04, 0.08, 0.12 na kuendelea, kinaweza kuwa 0.48 ao 0.52, lakini hakiwezi hata siku moja kuwa 0.50. Nusu kamili haiko kabisa. Ile mabishano yote ya nusu inapanda ao inashuka, kwa TVA ya 16% juu ya senti nzima, haina kazi. Nilifurahi kuiona ingawa ilinikula siku.

Kazi mbili

Sasa kosa lenyewe. Tazama mustari ya kwanza: 14.53 mara 16% inatoa 2.3248. Sisi tunaiarondi palepale, inakuwa 2.32, ile 0.48 ya senti tumeitupa. Mustari ya pili 0.5248, tunaandika 0.52, tumetupa 0.48 ingine. Ya tatu 1.8848, tunaandika 1.88. Ya ine 4.3248, tunaandika 4.32. Ganti 1.024 inakuwa 1.02, pinso 0.344 inakuwa 0.34. Jumlisha zenye tumeandika: 10.40.

Kontable wa kliyan yeye hafanye vile. Anachukua total HT, 65.17, anazidisha mara moja, anapata 10.4272, anaarondi mara moja tu, 10.43. Ile 2.72 ya senti yenye sisi tulitupa kidogokidogo mu mistari sita, kwake haikupotea.

Hakuna mwenye alikosea hesabu. Yeye aliarondi mara moja, sisi tuliarondi mara sita, na kila mara unaarondi unaacha kintu njiani. Kwa kawaida mistari ingine inapanda na ingine inashuka, zinafutana, kwa hiyo fakture ya mistari 40 inaweza kutoka na tofauti ya senti 1 ao 2, ao hata sifuri. Yetu ilikuwa na bahati mbaya, mistari yote sita ilishuka, hata moja haikupanda kusaidia zingine.

Lakini swali yenye ilinisumbua sana ni hii: juu ya nini sasa? Lojisieli inatembea tangu mwaka jana, na sijasikia kilio. Nikafungua fakture za zamani, moja kwa moja, na nikaona bei zote za zamani ziliishia na .00 ao .50. Papa alikuwa anapanga bei na kichwa, dola 14 na nusu, dola 3, dola 27. Na bei yenye inaishia na .00, .25, .50 ao .75, TVA yake ya 16% inaanguka juu ya senti nzima bila kubakisha kintu, juu senti 25 mara 16% ni senti 4 kamili. Kwa hiyo mwaka nzima ule mtego ulikuwa pale na hatukuukanyaga. Mwezi uliopita Papa akaomba bei itoke yenyewe, lojisieli ichukue bei ya kununua mu franka, igawe na bei ya dola ya siku, iongeze faida yake. Tangu siku ile bei zikaanza kuishia ovyo, .53, .28, .78, .03. Na hizo ine, angalia, njo zile mbaya kupita zote: kila bei yenye inaishia .03, .28, .53 ao .78 inatupa 0.48 ya senti, hakuna ingine yenye inaweza kutupa zaidi. Upande wa pili .22, .47, .72 na .97 zinaongeza 0.48.

Hii inanipa pia kipimo cha kujua kama tofauti ni ya kuarondi kweli ao ni kosa ingine. Mustari moja haiwezi kupoteza zaidi ya 0.48, na ile total nayo inaarondiwa mara moja. Fakture ya mistari sita basi tofauti yake haipite senti 3. Mutu akiniletea fakture ya mistari sita yenye tofauti ya senti 12, siangalie hata kuarondi, ninatafuta mustari yenye imesahaulika ao kintu yenye haiko na TVA yenye imepewa 16%.

Kazi tatu

Yaya wa kontabilite alipita ku duka leo, yeye njo anashika bitabu bya Papa. Nikamuonyesha. Akauliza swali moja tu: "Mu kitabu munaandika nini?"

Nikafungua. Lojisieli ilikuwa inaandika ku 4431, ile konti ya TVA yenye tunatoza kliyan, jumla ya mistari, 10.40. Kuuza ku 701, 65.17. Kliyan ku 4111, 75.57. Inalingana, debi na kredi ni sawa. Akasema, "Sasa ukibadilisha TVA ya chini ya fakture ikuwe 10.43 na kliyan alipe 75.60, lakini mistari ibaki vile iko, kitabu yako itakuwa na shimo ya senti tatu. Usiniletee shimo."

Ako na haki. Nilikuwa nataka kufanya njo hivyo hasa, kubadilisha paka ile namba ya chini. Ningetengeneza fakture na kuvunja kitabu.

Akanipa mufano ingine mubaya zaidi, wa moja ya yale maduka mbili, yenye inapelekea bafanyakazi ba kampuni moja chakula kila siku na inatoa fakture moja ku mwisho wa mwezi. Kila siku mustari moja, bei ileile, dola 8.03 HT. TVA ya mustari ni 1.2848, tunaandika 1.28. Siku 30, jumla ya mistari ni 38.40. Ukifanya ku total, 240.90 mara 16% ni 38.544, ni 38.54. Senti 14 kwa fakture moja, na mwezi ujao 14 ingine, kila mara upande uleule. Hapo hakuna kufutana, juu mistari yote ni pacha. Ile habari ya "zinafutana zenyewe" ni ya mistari yenye bei mbalimbali, ukirudilia bei moja kosa inajijenga kama tofali juu ya tofali.

Kazi ine

Tumekata shauri. TVA tunaihesabu ku total, mara moja kwa kila kiwango: bintu byenye biko na 16% tunabijumlisha pamoja, byenye habina TVA binakaa pembeni, kiisha tunaarondi mara moja. Nimeona hata ile norme ya fakture za elektroniki za Ulaya, EN 16931, inafanya vile, TVA ya kila kikundi cha kiwango inatoka ku jumla ya kile kikundi. Na Odoo, lojisieli ya biashara yenye batu wengi banatumia, inakuachia uchague, kuko `round_per_line` na `round_globally`. Kwa hiyo hakuna ya haramu hapa. Kwa kliyan mwenye analinganisha na boni ya komande, ya haki ni ile yenye yeye anatumia, na hii inaulizwa mbele ya fakture ya kwanza, hapana nyuma ya fakture kurudi. Nimeiweka mu fishi ya kliyan, swali moja: TVA yao inahesabiwa ku mustari ao ku total? Wa mustari tukimupata, fakture zake zitabaki vile zilikuwa.

Inabaki mistari. Kila mustari inapashwa kuwa na TVA yake mu baze, juu ya kitabu na juu ya avuari siku mutu akirudisha kintu. Na jumla ya mistari inapashwa kuwa sawasawa na ile ya chini. Basi tunafanya hivi: kila mustari tunaipa TVA yake bila ile kipande, senti nzima tu. Tunajumlisha. Tunaangalia inapunguka senti ngapi kufika ku TVA ya kweli, na zile senti tunazigawa moja moja kwa mistari yenye ilipoteza kipande kikubwa kupita zingine.

```python
def gawa_tva(ht, kiwango=16):
    # ht: bei HT za mistari, mu senti nzima
    total = (sum(ht) * kiwango + 50) // 100
    tva = [h * kiwango // 100 for h in ht]
    baki = total - sum(tva)
    foleni = sorted(
        range(len(ht)),
        key=lambda i: (-(ht[i] * kiwango % 100), -ht[i], i),
    )
    for i in foleni[:baki]:
        tva[i] += 1
    return total, tva
```

Kwa fakture yetu ninamupa `[1453, 328, 1178, 2703, 640, 215]` na inarudisha 1043 na `[233, 52, 189, 433, 102, 34]`. Senti tatu zimeenda ku bulo, bageti na diske. Mistari ine zilikuwa zimepoteza 0.48 sawasawa, senti ni tatu, moja inapashwa kukosa. Nikaamua yenye bei kubwa ipite mbele, na bei zikilingana, yenye iko juu ku fakture. Hii ya mwisho isidharauliwe: kama haukuweka kanuni ya kutenganisha mistari zenye zinalingana, leo unachapa fakture diske iko na 4.33, kesho unachapa kopi, ordinatere imesoma mistari kwa mpango ingine, diske iko na 4.32, na umepata fakture mbili zenye namba moja na hazifanane.

Kuarondi hapa ni `+ 50` na kugawa, nusu inapanda, na vile niliandika juu, kwa 16% ile nusu haitafika. Siku kiwango kikibadilika inaweza kufika.

Kazi ine, usiku

Kuran ilikatika saa mbili, nimeendelea na betri. Niko nafikiria avuari.

Tuseme kliyan anarudisha diske. Mbele, lojisieli ilikuwa inahesabu upya: 27.03 mara 16%, 4.32. Lakini mu fakture mpya ile diske ilibeba 4.33. Akirudisha bintu byote sita, kimoja kwa siku, avuari sita zitajumlisha 10.40 na yeye alitozwa 10.43, senti tatu zitabaki zinaelea ku 4431 bila mwenyewe. Kwa hiyo avuari haihesabu tena. Inasoma TVA yenye imeandikwa ku mustari ya fakture ya mwanzo na kuirudisha vile iko. Akirudisha nusu ya kesi ya bulo, tunagawa ile 2.33 kwa bingapi birudi, na ile ya mwisho kurudi inachukua chenye kimebaki.

Pia ile kode haipende namba zenye ziko chini ya sifuri, juu mu Python `//` inashuka chini kila mara: `-23248 // 100` inatoa -233, hapana -232. Mustari ya kupunguza bei, kama remize, ikiingia na alama ya kutoa, senti zitaenda fasi mbaya. Remize tunaitoa ku bei ya mustari mbele ya kufika hapa, na avuari tunaihesabu kama fakture ya kawaida, alama ya kutoa tunaitia ku mwisho.

Kazi tano

Kese. Nilitaka kuweka ileile ku kese ya duka na nimesimama mbele ya kuharibu.

Ku kese bei za ku etajeri ni TTC, TVA iko tayari mule ndani, mama anaona dola 1, analipa dola 1. Lojisieli inatoa HT: 1 kugawa na 1.16 ni 0.86, TVA 0.14, inarudi 1.00, sawa. Sasa muuzaji anapitisha bintu kumi bya dola 1, kila kimoja mustari yake. HT zinajumlisha 8.60. Nikihesabu TVA ku total, 8.60 mara 16% ni 1.376, ni 1.38, TTC ni 9.98. Mama ametoa dola 10 na tike inasema 9.98! Senti mbili zenye ziko mu droo lakini haziko ku kartasi, na mangaribi kese haitalingana.

Hapa kosa haiko tena mu TVA, iko mu HT, juu 0.86 yenyewe ilikuwa 0.8621 na tulikata mara kumi. Kwa hiyo ku kese tunatembea kinyume: tunajumlisha TTC, ile yenye mama analipa, haiguswe. Kiisha TVA inatoka mule ndani mara moja, 10.00 mara 16 kugawa na 116, ni 1.3793, ni 1.38. HT ni chenye kinabaki, 8.62. Kiisha tunagawa zile senti ku mistari namna ileile. Fakture inaanza na HT na kupanda, tike inaanza na TTC na kushuka, na ninaona ni vizuri zikae fonksio mbili mbalimbali mu kode kuliko moja yenye maswali mingi ndani.

Siku ya posho

Fakture imetumwa upya jana mangaribi, na TVA 10.43 na 75.60 chini. Nimetosha kabisa ile kolone ya TVA ku kila mustari. Juu kontable mwingine angeshika kalkilatrise, apige 14.53 mara 16%, aone 2.32 na sisi tumeandika 2.33, arudishe tena fakture. Ku kartasi anaona HT ya mistari, total HT, kiwango, TVA, TTC, na kila namba anaweza kuipata yeye mwenyewe. TVA ya mustari inabaki mu baze.

Asubui hii yule kontable ameandika: "Sawa, inaingia mu malipo ya wiki hii." Papa akaniuliza kama fakture za zamani tuzibadilishe nazo. Hapana. Zimelipwa, zimetangazwa, TVA yake ni ile imeandikwa juu yake, na lojisieli mpya haitazihesabu tena, itazisoma tu. Nimeweka tarehe ya leo kama mpaka.

Imebaki kamba na waya, zenye zinauzwa kwa meta. Meta 2.5 za waya kwa 1.35 ni 3.375, na hapa nusu kamili inafika kweli, mbele hata ya TVA, ku bei HT ya mustari. Kazi moja nitaongea na Papa kama nusu inapanda, juu hiyo ni bei yake na ni yeye wa kuamua, kiisha nitaiandika fasi moja tu mu kode.